Somo: Nusu rejesho kila wiki mbili, na namna ya kulifikisha rejesho la 13 kwenye deni

Mwaka una wiki 52. Anayelipa nusu ya rejesho kila wiki mbili analipa nusu 26, yaani marejesho kamili 13, wakati mkataba wake unadai 12. Hesabu ni hiyo tu, hata mtoto wa shule anaiweza. Kazi ipo katika kuhakikisha hilo la 13 linakata deni la msingi na halikwami njiani, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Tuchukue mkopo wa 100,000, riba ya 12% kwa mwaka inayopigwa kwenye salio, muda miaka 15. Sarafu weka yako. Rejesho la mwezi ni 1,200 na senti kidogo. Katika rejesho la kwanza riba inachukua 1,000 nzima, msingi unapungua kwa 200 tu. Sasa mwisho wa mwaka peleka 1,200 ya ziada iingie yote kwenye msingi: kwa mkupuo mmoja umekata karibu sawa na ambavyo marejesho matano yanayofuata yangekata. Ukiendelea hivyo kila mwaka, mkopo wa miezi 180 unaisha kwenye mwezi wa 149 hivi.

Je, ukilipa kwa nusu, na mkopeshaji akaipunguza kwenye deni siku ileile inapofika? Unamaliza mwezi wa 146. Riba yote inashuka kutoka 116,000 hadi 90,000 na kitu. Angalia hapo: kati ya miezi 34 uliyookoa, 31 imetoka kwenye rejesho la 13 lenyewe, na mitatu tu ndiyo ya kuwahisha pesa. Kwa hiyo ukiambiwa "hatupokei nusu", usikate tamaa. Sehemu kubwa ya faida bado iko mikononi mwako.

Hatua ya 1. Soma mkataba kabla ya kugusa tarehe. Tafuta mambo mawili. La kwanza, riba inapigwa kwenye nini. Kama ilipigwa mara moja kwa kiasi chote ulichokopa, ikajumlishwa na deni kisha ikagawanywa kwa miezi, kuwahi kulipa huenda kusikupunguzie chochote, labda mkataba uwe na kipengele cha kurudisha riba ambayo muda wake haujafika. Mpango huu ni wa riba ya salio linalopungua. La pili ni adhabu ya kulipa kabla ya wakati. Baadhi ya mikataba inaruhusu kiasi fulani cha ziada kwa mwaka bila tozo. Rejesho moja mara nyingi linaenea humo, lakini hakikisha kwa macho yako.

Hatua ya 2. Uliza, tena kwa maandishi, nusu ikifika inafanywa nini. Majibu ni ya aina tatu. Wapo wanaoipunguza kwenye deni siku hiyohiyo, na hao ndio bora. Wapo wanaoiweka pembeni mpaka nusu ya pili ifike ndipo waandike rejesho moja. Hapo pesa yako imelala bila kazi, ila la 13 bado litafika. Wa tatu wanaihesabu kama rejesho pungufu, na mfumo wao unaweza kukupiga faini ya kuchelewa hata kama nusu nyingine iko njiani. Ukikutana na hao, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 3. Panga mwanzo. Tuseme rejesho lako linadaiwa tarehe 5. Lipa la mwezi huu kamili kama kawaida, kisha anza nusu tarehe 10, nyingine tarehe 24. Itakapofika tarehe 5 inayofuata, nusu mbili ziko tayari. Kuanzia hapo usihesabu tarehe tena, hesabu siku 14 tu. Kati ya tarehe 5 moja na nyingine hapapungui siku 28, kwa hiyo nusu mbili hazitakosekana. Kwa kawaida mara mbili kwa mwaka zitaangukia tatu, na hizo za tatu ndizo zinazounda rejesho la 13.

Kosa la kawaida ni kuanza nusu ya kwanza siku ileile ya kudaiwa. Hapo umefika na nusu mfukoni wakati wanadai nzima.

Hatua ya 4. Wasipopokea nusu, jifanyie mwenyewe. Fungua akaunti ya pembeni, weka nusu kila siku 14, na rejesho kamili litoke humo kwa tarehe yake. Nusu ya tatu ikitokea, ipeleke peke yake ikiwa na maelekezo: "Malipo ya ziada, yapunguze deni la msingi, rejesho libaki lilelile, muda ufupishwe." Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Wapo wakopeshaji ambao wakipokea ziada wanakupunguzia rejesho la mwezi na kuacha muda kama ulivyokuwa, na riba unayookoa inakuwa ndogo zaidi.

Hatua ya 5. Kagua taarifa ya mkopo. Baada ya ziada ya kwanza, chukua salio la msingi la kabla, toa msingi uliokatwa na rejesho la kawaida, toa na ziada yako. Lazima lilingane na salio jipya. Lisipolingana, piga simu wiki hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi nalipwa tarehe 15 na 30. Nikilipa nusu kila nikipokea mshahara si ndiyo hiyohiyo?
Hapana, ndugu yangu. Mara mbili kwa mwezi ni nusu 24, yaani marejesho 12 yaleyale. Utaokoa kidogo sana, tena iwapo tu mkopeshaji anapunguza nusu inapofika. Kwa mshahara wako, ongeza sehemu moja ya kumi na mbili kwenye kila nusu: badala ya 600 lipa 650. Mwaka ukiisha umelipa 15,600, ambayo ni 1,200 mara 13. Maelekezo ya ziada ni yaleyale ya hatua ya 4.

Nilipeleka ziada, taarifa ikaandika "rejesho lijalo: 0". Nikafurahi. Nimekosea?
Wameihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema. Ukikaa bila kulipa mwezi huo, ziada yako imeisha hapo, na mwaka utafunga na marejesho 12. Lipa mwezi ujao kama kawaida, na waandikie waihamishie kwenye msingi kuanzia tarehe waliyoipokea.

Mkuu, kuna watu wanataka kunisimamia mpango huu kwa ada ya kujiunga na makato kila malipo. Niwape?
Binafsi sioni wanachouza. Waulize pesa yako inakaa kwa nani kati ya nusu na nusu, na wakichelewesha faini ni ya nani. Majibu yakiyumba, akaunti ya pembeni inatosha.

Nimebakiza miezi 18 kwenye mkopo kama wa mfano wako. Nianze?
Hapo riba iliyobaki yote haifiki 2,000, na mpango utakuokolea chini ya 300. Ukiwa na deni jingine lenye riba kubwa, hiyo ziada ielekeze huko.