Bajeti ya siku za mafunzo kwenye kiwanda cha korosho: kupata kozi itakayorudisha pesa kabla msimu haujaisha

Mwongozo huu ni kwa wamiliki na mameneja wa viwanda vidogo vya kubangua korosho Mtwara na Lindi. Kwa mfano tutachukua kiwanda kimoja pale Masasi chenye wabanguaji 24 kwenye mashine za kukanyaga. Kinabangua tani 1 ya korosho ghafi kwa siku, kwa siku 150 za kazi katika msimu. Bei na mishahara iliyomo humu ni ya mfano tu, kwa hiyo weka namba zako na ufuate hesabu ileile.

Hatua ya 1: Tenga kwanza mafunzo yasiyo na mjadala

Huduma ya kwanza, usalama kazini na mafunzo ya mwendesha boila hayashindanishwi na kozi nyingine kwa faida. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakubana, na boila yenye mvuke mikononi mwa mtu asiyejua kazi ni hatari kwa kila aliyemo ndani ya uzio. Yaandike juu kabisa ya karatasi, jumlisha gharama zake, kisha uanze kuchagua kwa fedha inayobaki.

Jambo jingine la kuweka sawa mapema ni SDL. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi huilipa TRA kila mwezi, na sehemu yake huenda kuendesha vyuo vya ufundi stadi. Hiyo ni tozo. Usiihesabu kama bajeti yako ya mafunzo. Lakini kwa kuwa umeshaichangia, anza kuulizia kozi fupi VETA Mtwara au VETA Lindi kabla ya kulipa mkufunzi kutoka Dar es Salaam.

Hatua ya 2: Hakikisha tatizo ni ujuzi, maana mafunzo hayanoi kisu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Korosho zikivunjika kupita kiasi, mwenye kiwanda huona wabanguaji hawajui kazi, akamwita mkufunzi. Wakati mwingine kosa liko kwenye mvuke: korosho zimepikwa pungufu na ganda bado linashikilia, au zimepitiliza. Wakati mwingine zimepelekwa mezani bila kupumzishwa usiku mzima, au gunia lina korosho za ukubwa mchanganyiko na nafasi ya visu ni moja. Visu vikiisha makali, hata mbanguaji bora atavunja.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua gunia moja la korosho zilizochambuliwa kwa ukubwa mmoja, zilizopikwa kwa mkupuo mmoja. Wape kilo 10 kila mmoja wabanguaji wako watatu bora na watatu dhaifu, kwenye mashine zilezile kwa zamu. Pima nzima na vipande vya kila mtu.

Wale bora wakipata nzima 85 kwa 100 na dhaifu 68, pengo hilo ni la mikono, na mafunzo yataliziba kwa sehemu. Wote wakiwa kwenye 70, wachache juu kidogo na wachache chini kidogo, usilipie kozi. Rekebisha upikaji, noa au badilisha visu, kisha pima tena.

Kipimo hiki kifanyike wiki za mwisho za msimu, mashine zikiwa bado zinazunguka. Matokeo yake ndiyo kianzio chako, na bila kianzio hutaweza kusema baadaye kama kozi ilisaidia au korosho za mwaka huo zilikuwa nzuri tu. Weka kando magunia manne ya ghala lilelile na ukubwa uleule: mawili ya mazoezi na mawili ya kupima tena.

Hatua ya 3: Geuza ujuzi kuwa shilingi kwa siku

Tani 1 ya korosho ghafi, ikitoa asilimia 22, inakupa kilo 220 zilizobanguliwa. Tuseme kwa sasa nzima ni asilimia 75. Mkufunzi anasema atakufikisha 78. Asilimia 3 ya kilo 220 ni kilo 6.6 kila siku zinazotoka kwenye vipande kwenda kwenye nzima. Kama nzima unauza Sh 14,000 kwa kilo na vipande Sh 9,000, tofauti ni Sh 5,000, na faida ni Sh 33,000 kwa siku.

Sasa ikate nusu: Sh 16,500. Huo si woga. Wabanguaji wengine wataacha kazi katikati ya msimu, wengine watarudia mazoea yao, na korosho za mwisho wa msimu huwa na kasoro zaidi. Kozi isiyosimama baada ya kukatwa nusu, mimi siinunui.

Hatua ya 4: Andika gharama yote, si ada ya mkufunzi peke yake

Mafunzo ya siku mbili, kiwandani, kabla ya msimu kuanza:

- Ada ya mkufunzi, 150,000 kwa siku: Sh 300,000
- Nauli yake kutoka Mtwara mjini, kwenda na kurudi: Sh 40,000
- Malazi, usiku 2: Sh 80,000
- Posho ya kutwa ya wabanguaji 24, 10,000 kwa siku: Sh 480,000
- Chakula na chai, watu 26 (na mkufunzi na msimamizi), 5,000 kwa siku: Sh 260,000
- Thamani inayopotea kwenye magunia mawili ya mazoezi: Sh 60,000
- Mafuta ya kupaka mikono na glavu: Sh 30,000

Jumla ni Sh 1,250,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, inakuwa Sh 1,375,000. Ada ya mkufunzi ni chini ya robo ya fedha hiyo, na ndiyo namba pekee ambayo watu wengi hubishana nayo.

Mistari miwili inahitaji maelezo. Wa kwanza ni posho ya kutwa. Mbanguaji anayelipwa kwa kilo, ukimwambia ajifunze huku akiendelea kulipwa kwa kilo, atakimbiza kilo zake kama kawaida. Kujifunza kunampunguzia mwendo, na mwendo ndio chakula cha watoto wake. Siku hizo mbili mlipe kiwango kisichobadilika, kisichopungua anachopata siku ya kawaida, na umwambie mapema.

Wa pili haumo kwenye orodha lakini hujitokeza: kuweka mafunzo Jumapili ili uzalishaji usisimame. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kazi ya siku ya mapumziko ya wiki hulipwa mara mbili ya ujira wa saa. Posho ya Sh 480,000 inakuwa 960,000 ikiwa siku zote mbili ni za mapumziko. Mafunzo ya lazima ni kazi.

Hatua ya 5: Chagua tarehe, kwa sababu tarehe inabadilisha jibu

Gawanya gharama kwa faida ya siku: 1,375,000 ÷ 16,500 ni karibu siku 84 za kazi. Kwa siku sita kwa wiki, ni wiki 14. Msimu una siku 150, kwa hiyo kozi inarudisha pesa na kubakiza siku 66 za faida tupu, takriban Sh 1,089,000.

Sasa sogeza kozi hiyohiyo katikati ya kazi, siku ya 40. Umesimamisha kilo 220 kwa siku mbili. Kama faida yako kwa kilo ni Sh 1,200, umepoteza Sh 528,000 nyingine. Pamoja na dharura yake, gharama inafika Sh 1,955,800 na unahitaji siku 119 kuirudisha. Zimebaki siku 108. Kozi ileile, mkufunzi yuleyule, na msimu huu umekula hasara.

Kuna hali moja inayolegeza hesabu hiyo. Kama kinachokubana ni korosho ghafi, yaani ulichopata mnadani kitaisha kabla ya muda wako, kusimama siku mbili kunasogeza kazi mbele tu. Kama kinachokubana ni siku, siku iliyopotea haipatikani tena. Angalia ghala lako kabla ya kujaza mstari huo.

Usiende upande wa pili pia ukafundisha mwezi Juni kwa kuwa kuna utulivu. Minada ya stakabadhi ghalani huanza Oktoba, na mkono uliofundishwa Juni bila kugusa mashine hadi Novemba utakuwa umesahau nusu. Wiki mbili kabla ya mashine kuwaka ndipo mahali pake, na ndiyo maana uliweka yale magunia.

Hatua ya 6: Zipange kozi nyingine kwa kipimo hichohicho

Fundi mitambo mmoja kwenda kozi fupi ya siku 5: ada 250,000, malazi 150,000, chakula 75,000, nauli 40,000, mshahara wake 100,000. Pamoja na asilimia 10 ni Sh 676,500. Fungua daftari la kusimama kwa mashine. Kama msimu uliopita mlisimama siku 5 mkisubiri fundi wa nje kwa beringi au waya za mota, kata nusu: siku 2.5 kwa Sh 264,000, yaani kilo 220 mara faida ya Sh 1,200, ni Sh 660,000, na ada za fundi wa nje zilizookolewa tuseme Sh 200,000. Inalipa, kwa Sh 183,500. Lakini ujuzi wote uko kichwani mwa mtu mmoja, na akihamia kiwanda cha jirani umebaki na risiti. Mpe msaidizi wa kumfundisha akirudi. Kama hakuna daftari la kusimama kwa mashine, hakuna hesabu: lianze leo na kozi iamuliwe mwakani.

Semina ya uongozi au huduma kwa wateja inaweza kuwa nzuri, ila kama huwezi kutaja namba gani ya kiwandani itasogea na nani ataipima, inasubiri fedha itakayobaki.

Hatua ya 7: Pima tena wiki ya 2 na wiki ya 6

Tumia yale magunia mawili, gunia moja kila mara, na watu walewale sita. Kwenye mkataba, zuia sehemu ya ada ya mkufunzi, tuseme asilimia 30, hadi kipimo cha wiki ya 2. Mkufunzi anayejua kazi hukubali, mradi mmekubaliana pia kwamba upikaji na visu ni jukumu lako.

Nzima zikipanda wiki ya 2 na kushuka wiki ya 6, usimwite mkufunzi tena. Tazama malipo yako. Ukilipa bei moja kwa kila kilo, iwe nzima au kipande, unamlipa mbanguaji aharakishe na avunje. Toa nyongeza kwa kilo ya nzima, hata Sh 100. Kwa kilo 171.6 za nzima kwa siku, nyongeza hiyo inakugharimu Sh 17,160, zaidi kidogo ya faida ya kozi uliyoikata nusu. Kwa hiyo ilipe kwa kilo zinazozidi kianzio cha kila mbanguaji tu. Kilo 6.6 za ziada zinakugharimu Sh 660 kwa siku, na hapo una nafasi ya kupandisha nyongeza hadi Sh 1,000 kwa kilo na bado ukabaki na sehemu kubwa ya ile Sh 5,000.