Kunakili kipeperushi cha picha kwa mpangilio unaosomeka

Matangazo mengi ya nyumbani hutufikia ughaibuni yakiwa picha: mtu amekipiga picha kwa simu kipeperushi kilichobandikwa karibu na soko la Mwanjelwa, Mbeya, akakituma katika kundi la familia. Anayehitaji kusomewa na simu kwa sauti hawezi kukitumia hadi mtu akinakili. Kwanza omba picha itumwe upya WhatsApp kupitia Document, kwa kuwa njia ya kawaida huibana na kuzififisha herufi ndogo za chini, ambazo aghalabu ndizo zenye masharti.

Tuchukue kipeperushi cha kufikirika cha semina mjini Tukuyu. Katikati kuna neno PARACHICHI kwa herufi kubwa za mapambo, na juu yake, kwa mwandiko mdogo wa kulazwa, "Semina ya kilimo cha". Ukifuata ukubwa utaanza na PARACHICHI na kuivunja sentensi, ilhali ukubwa huonyesha kinachotakiwa kuonekana kwanza, si kinachotangulia kusomwa.

Kushoto kuna sanduku la kijani lenye "Jumamosi" na chini yake "14 Juni 2025". Kulia kuna sanduku la njano lenye "Tukuyu mjini" na "Saa 3:00 asubuhi". Ukisoma kwa kuvuka ukurasa utapata "Jumamosi Tukuyu mjini", kisha tarehe iliyogandana na saa. Kwa hiyo maliza sanduku moja kabla ya kuingia jingine, ukiongozwa na rangi, fremu na nafasi tupu.

Kigumu zaidi ni nyota nyekundu yenye neno "BURE!", iliyo kati ya "Kiingilio 5,000/=" na "Chakula cha mchana". Kiingilio kina bei yake tayari, kwa hiyo yaelekea nyota ni ya chakula. Hata hivyo, kama rangi au mshale hauthibitishi hilo, iandike katika mstari wake na ueleze kwa mabano ilipo, kwa maana msomaji atapanga nauli na fedha zake kwa kutegemea maneno yako.

Nakala sasa itakuwa hivi:

Semina ya kilimo cha PARACHICHI
Jumamosi, 14 Juni 2025
Tukuyu mjini
Saa 3:00 asubuhi
Kiingilio: 5,000/=
Chakula cha mchana
BURE! (nyota kati ya kiingilio na chakula)

Saa iache ilivyoandikwa, usiigeuze kuwa 9:00. Kisha hakiki tarakimu, kwa kuwa 4 ya mapambo hufanana na 9: kalenda inaonyesha kwamba 14 Juni 2025 ni Jumamosi, ilhali 19 ni Alhamisi. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania, ikianza na 0, huwa na tarakimu kumi. Ukipata tisa, rudi kwenye picha, na pasiposomeka andika [haisomeki] badala ya kukisia.