Kuomba kibali cha ujenzi: hesabu ya papi za engo

Ukiomba kibali cha ujenzi halmashauri, na kenchi zako ni za chuma, pamoja na michoro huenda ukatakiwa kuambatisha hesabu za muundo zenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Karatasi ya papi ndiyo watu huiandika kwa haraka. Faili langu moja liliwahi kurudi na duara la kalamu nyekundu kwenye Ix, kipimo cha ugumu wa engo dhidi ya kupinda, na pembeni yake neno moja tu: "Mhimili?" Mkaguzi alikuwa sahihi. Engo haipindi kuzunguka mhimili ulio sambamba na ubawa wake, kwa sababu pande zake hazina ulinganifu na mhimili huo.

Tuchukue mfano: engo ya 60×60×6, papi ya urefu wa mita 2.5 kutoka kenchi hadi kenchi, nafasi ya mita 1 kati ya papi na papi, mteremko wa nyuzi 15. Ubawa mmoja umelala juu kushika bati, wa pili unashuka.

Kwanza andika mzigo. Bati na papi yenyewe ni takriban 0.1 kN/m, na mzigo wa mtu anayepanda kukarabati tumeuchukua 0.6 kN/m² ya eneo la paa likitazamwa kutoka juu. Jumla ni karibu 0.7 kN/m, unaoshuka wima. Momenti kubwa katikati ni wL²/8, yaani 0.547 kNm.

Pili tafuta kitovu cha eneo. Gawa engo vipande viwili, 60×6 na 54×6. Kitovu kinaangukia 17.2 mm kutoka nyuso za nje, pande zote mbili. Hapo Ix na Iy zote ni 23.3 cm⁴, na Ixy ni 13.8 cm⁴ bila kujali alama. Kwa kuwa mbawa ni sawa, mihimili mikuu iko nyuzi 45 kutoka kwenye mbawa: mmoja unapita kwenye kona na kugawa engo nusu kwa nusu, mwingine unaukata kwa pembe mraba. Wa kwanza, u, ndio imara; wa pili, v, ndio dhaifu:

Iu = 23.3 + 13.8 = 37.1 cm⁴
Iv = 23.3 − 13.8 = 9.5 cm⁴

Jedwali la kiwanda litatofautiana kidogo kwa sababu ya mviringo wa kona ya ndani. Engo ya mbawa zisizolingana haina nyuzi 45; pembe yake hutafutwa kwa tan 2θ = −2Ixy/(Ix − Iy).

Tatu, gawanya momenti kwenye mihimili hiyo, na hapa ndipo swali linalosahaulika: ubawa wa juu unaelekea wapi? Ukielekea mgongo wa paa, mzigo wima uko nyuzi 30 tu kutoka upande ambao engo ni ngumu. Momenti kuzunguka u ni 0.547 × 0.866 = 0.474, na kuzunguka v ni 0.547 × 0.5 = 0.273 kNm. Mkazo mkubwa uko kwenye ncha ya ubawa unaoshuka, upande wa ndani, ulio 38.2 mm kutoka mhimili u na 22.3 mm kutoka v:

σ = 0.474×10⁶ × 38.2 / 371 000 + 0.273×10⁶ × 22.3 / 95 000 ≈ 113 N/mm²

Geuza engo, ubawa uelekee chini ya mteremko, na zile 0.866 na 0.5 zinabadilishana nafasi. Mkazo unapanda hadi 139 N/mm². Chuma cha 275 N/mm² ukikigawanya kwa 1.6 kinakupa karibu 170, kwa hiyo zote mbili zinapita. Yule anayetumia Ix peke yake, kwa sehemu ya mzigo iliyo mraba na paa, anapata 97, na analala usingizi.

Lakini usitie sahihi bado. Angalia kunepa: ubawa ukielekea juu, papi inasogea kwa jumla karibu mm 10, ukielekea chini, mm 16. Kikomo cha urefu/200 ni mm 12.5. Engo ileile, kwa mzigo uleule, imefeli kwa kugeuzwa tu. Na kwa Ix peke yake ungeandika mm 7.

Nne, rudia hesabu kwa upepo unaonyanyua bati, ambao unasukuma mraba na paa na kugeuza mvutano kuwa mgandamizo kwenye ncha ile nyembamba. Kumbuka pia kwamba mzigo usiopita karibu na kona, ambako ndipo kituo cha ukataji kilipo, unaisokota engo. Hesabu hii haina msokoto, wala haihesabu msaada wa bati.

Mwisho, kwenye mchoro wa paa chora mshale kwenye kila papi na uandike "ubawa wa juu uelekee mgongo wa paa". Fundi anayechomea kwenye kenchi haoni karatasi yako ya hesabu, anaona mchoro.