Somo: Kutangaza bidhaa iliyoisha, tarehe ya mzigo mpya na oda za mapema

Tuchukue mfano wa begi jeusi la mgongoni lililoisha stoo. Mabegi 60 yameondoka kwa msambazaji tarehe 3 Machi, na safari huchukua siku 9 hadi 14.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe. Hesabu kwa safari ndefu: siku 14 zinakufikisha 17 Machi. Kupokea, kuhesabu na kukagua kunakula siku 2, na siku 2 nyingine ziwe za tahadhari. Unapata 21 Machi. Hiyo ni siku ya kuanza kutuma, na tangazo liseme hivyo waziwazi. Ukiandika tu "mzigo unaingia 21 Machi", mteja ataelewa kwamba siku hiyo begi litakuwa mkononi mwake.

Hatua ya 2: Weka kikomo cha oda. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanafungua oda 60. Toa kwanza mabegi 8 ya wateja waliokwishalipa kabla bidhaa haijaisha. Toa 3 ya akiba, kwani mzigo huweza kufika pungufu au na zipu mbovu. Yanabaki 49. Oda ya 49 ikiingia, funga.

Hatua ya 3: Andika tangazo.

> Begi jeusi limeisha kwa sasa. Tutaanza kutuma mzigo mpya 21 Machi. Unaweza kuagiza mapema kwa kulipa sasa. Anayetangulia kulipa anatumiwa kwanza. Ukighairi kabla hatujatuma, unarudishiwa pesa yote. Begi la kijivu lipo.

Liweke juu ya kitufe cha kununua, na kitufe chenyewe kisomeke "Agiza mapema". Tarehe ijirudie kwenye ujumbe wa kuthibitisha malipo, maana mteja akianza kuulizia atafungua ujumbe huo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mtu akinunua begi jeusi pamoja na chupa ya maji iliyopo, natuma vipi?*
Muulize kabla hajalipa: vitumwe pamoja 21 Machi, au chupa itangulie na gharama ya kutuma mara mbili ionekane. Usipouliza, atadhani chupa imepotea.

*Mzigo ukichelewa je?*
Usingoje 21 Machi. Kufikia jioni ya 17 Machi kama haujafika, waandikie wote waliolipa: tarehe mpya, na chaguo la kusubiri au kurudishiwa pesa. Siku hiyohiyo badilisha na tangazo.

*Kwenye data za ukurasa zinazosomwa na injini za utafutaji kama Google, niweke PreOrder?*
Hapana, hiyo ni ya bidhaa ambayo haijaanza kuuzwa. Begi hili lilikuwepo likaisha, kwa hiyo weka:

```
"availability": "https://schema.org/BackOrder"
```

Oda 49 zikijaa, badilisha iwe `OutOfStock`, na uondoe kitufe. Ukurasa wenyewe usiufute, kwani viungo vilivyokwisha kusambazwa vitakufa.