Kabla Hujasema Redio Hii Inatoka Nchi Gani

Ukikutana na kituo usichokijua kwenye masafa mafupi, tenganisha kwanza maswali matatu: matangazo yanawalenga akina nani, yanatayarishwa na nani, na mtambo unaoyarusha uko nchi gani. Lugha unayoisikia hujibu swali la kwanza tu. Hadi 2015 kipindi cha Kiswahili cha Deutsche Welle kilisomwa Bonn, Ujerumani, kikarushwa na mtambo wa Kigali, na msikilizaji wa Mwanza akakipata kana kwamba kinatoka nyumba ya jirani. Lafudhi nayo haisaidii sana, maana watangazaji wa idhaa za nje za Kiswahili, ikiwemo ile ya Beijing, mara nyingi ni Watanzania na Wakenya.

Kwa hiyo jiandae kulinasa tangazo ambalo kituo chenyewe hutaja jina lake. Weka saa moja kando ya redio ikisoma saa za UTC, yaani saa za kimataifa, kwa sababu ratiba nyingi za masafa mafupi huandikwa hivyo. Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 1800 UTC ni saa tatu usiku. Weka simu tayari kurekodi. Hakikisha ratiba uliyonayo ni ya msimu huu: vituo vingi hubadili masafa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na ratiba iliyopitwa itakupa jina la kituo kilichokwisha kuhama. Ukitumia orodha ya ratiba za masafa mafupi iitwayo EiBi, angalia safu inayoonyesha mahali pa mtambo. Alama kama `/MDG` maana yake kituo ni cha nchi nyingine lakini mtambo uko Madagaska. Kule Talata-Volonondry kuna mitambo iliyojengwa na redio ya Uholanzi ikaanza kazi 1972, na tangu hapo imerusha sauti za mataifa kadhaa.

Uwe umetulia kwenye masafa dakika tano kabla ya saa kamili, na usiondoke mapema. Ndipo vituo vingi hupiga muziki wao wa utambulisho, hutoa milio ya saa, kisha mtangazaji hutaja jina. Kama sauti inakatwa katikati ya sentensi saa inapogonga, huo mara nyingi ni mtambo wa kukodi uliofikia mwisho wa muda uliolipiwa. Hapo usikimbilie kuandika nchi.

Herufi za utambulisho zina nguvu zaidi kwa vituo vya Marekani, kwa sababu sheria yao inakitaka kituo cha binafsi cha masafa mafupi kitaje herufi zake na mahali kilipo kila saa kamili. Herufi zao huanza na W au K. Sikiliza mahali palipotajwa, usiishie kwenye jina: WRMI ni kifupi cha Radio Miami International, lakini mitambo yake iko Okeechobee, Florida, mbali na Miami. Kituo hicho pia huuza muda wa hewani, hivyo unaweza kusikia Kijerumani au Kihispania saa nzima kabla herufi hazijatajwa. Na K peke yake isikupeleke Marekani: KBS ni shirika la utangazaji la Korea Kusini, na hizo ni herufi za mwanzo za jina lake tu. Vituo vya nchi nyingi havitaji herufi za namna hiyo hewani kabisa, kwa hiyo usizingoje.

Chukua mfano wa masafa ya 11735 kilohezi, ambayo kwa miaka mingi yamejulikana kwa wasikilizaji wa mbali kuwa ya Zanzibar. Unasikia Kiswahili na taarabu usiku. Bado haitoshi, kwani idhaa ya nje nayo inaweza kupiga taarabu. Sikiliza jinsi saa inavyotajwa. Redio inayosema na watu wake wenyewe husema “saa tatu kamili usiku” ikaendelea. Idhaa ya mbali huwa na haja ya kuongeza “kwa saa za Afrika Mashariki”. Kisha subiri matangazo madogo: tangazo la kifo linalotaja mtaa na mahali pa maziko, au adhana inayoingia kwa wakati wa pale pale. Idhaa ya nje haina sababu ya kukueleza marehemu anazikwa wapi Unguja. Ukisikia na jina la kituo lenyewe, lugha, saa na matangazo vinaelekea upande mmoja, nawe unaweza kuandika Tanzania katika daftari lako.

Jina lisiposikika, andika ulichopata hivi: masafa, saa za UTC, lugha, maneno uliyoyanasa kama yalivyotamkwa, na nchi unayoidhania ikiwa na alama ya kuuliza. Rudi masafa yale yale kesho saa ile ile, dakika tano kabla.