Namba sita za kila nusu dakika: kufunga baruapepe kwa hatua mbili

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Shela alikuja dukani kwangu, Usita wa Mui, Lamu, amefura. Mgeni wake alikuwa amemlipa mtu mwingine amana ya chumba. Ujumbe wa kubadilisha akaunti ya benki ulitoka kwenye baruapepe ya mama mwenyewe, kwa jina lake.

Nenosiri lake halikuwa bovu. Lilikuwa na herufi 14, hakuna wa kulikisia. Ila alilitumia hilo hilo kwenye tovuti ndogo aliyonunulia mashuka, nayo tovuti ikaibiwa orodha ya wateja. Tuliingiza anwani yake kwenye haveibeenpwned.com, tovuti inayokuambia kama anwani yako imo kwenye orodha zilizoibwa, tukaiona imo. Aliyemwibia alichukua neno lilivyo, akalijaribu Gmail, mlango ukafunguka.

Ndiyo kasoro ya nenosiri: anayelijua ndiye wewe. Uthibitishaji wa hatua mbili unadai ushahidi wa aina ya pili. Cha kwanza ni kitu unachokijua kichwani, cha pili ni kitu ulicho nacho mkononi, kwa kawaida simu. Nenosiri likifuatiwa na swali la jina la shule yako ya msingi si hatua mbili, maana yote mawili ni maneno ya kujua, na la shule hata jirani analijua.

Tulifanya hivi, nawe fuata hivi hivi.

1. Badilisha nenosiri kwanza. Kisha ingia myaccount.google.com, sehemu ya Security, uangalie Your devices na utoe kila kifaa usichokijua. Kufunga mlango na mwizi yumo ndani ni kazi bure. Kwenye mipangilio ya Gmail angalia pia Filters: ya mama yule ilikuwa na kichujio kinachoficha majibu ya wageni, ndiyo maana hakushtuka mapema.

2. Weka programu ya Google Authenticator kwenye simu.

3. Rudi Security, gusa 2-Step Verification, kisha Authenticator. Ukiwa kwenye kompyuta, ielekeze kamera ya simu kwenye ule mraba wa madoa. Ukiwa na simu peke yake, gusa Can't scan it?, unakili ufunguo wa herufi na uubandike kwenye programu.

4. Andika namba sita zinazoonekana, halafu hakikisha umewasha hatua mbili yenyewe. Wengi huishia kwenye mraba wakadhani wamemaliza.

Kwa nini sikumwekea namba za kutumwa kwa SMS? Ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini tapeli akifanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake, SMS zinamfuata yeye. Authenticator haitegemei laini. Simu na Google wana ufunguo mmoja, ule wa hatua ya 3 ambao umo pia ndani ya mraba wa madoa, na kila mmoja anauchanganya na saa ya sasa kwa hesabu moja, ndipo namba mpya inatoka kila sekunde 30. Hata ukiwa Kiwayu bila mtandao, simu inaendelea kuzitoa.

Kwa kuwa saa imo kwenye hesabu, saa mbaya huharibu namba. Mzee mmoja kila namba yake ilikataliwa. Kumbe alikuwa ameirudisha saa ya simu nyuma saa sita kwa mkono, ili saa tatu asubuhi isomeke 3:00 kama tunavyosema! Nilimrudishia saa ya kujiweka yenyewe, namba zikakubali papo hapo. (Akitaka sana saa yake ya Kiswahili, achague ukanda wa São Paulo. Ukanda hubadilisha maonyesho tu, hesabu haiguswi.)

Kitu kimoja namba hizi haziwezi. Ukiziandika kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa Google, mwenye ukurasa anaweza kuzitumia kwenye ukurasa wa kweli kabla nusu dakika haijaisha. Soma anwani iliyo juu ya skrini kabla ya kuandika. Na anayekupigia simu akitaka umsomee namba, awe amejiita nani, mkatie.

5. Gusa Backup codes. Utapewa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8, na kila moja inafanya kazi mara moja tu. Zichapishe. Usizipige picha kwa simu ile ile, kwa sababu zipo kwa ajili ya siku simu itakapokuponyoka gatini ikazama. Mama wa Shela alitaka kuziweka kwenye pochi. Nilimkatalia, akaenda kuzitia bahasha moja na hati ya nyumba.