Anza na alamu ya simu, programu ya vikumbusho baadaye

Kama ndiyo kwanza unajipangia ratiba ya kila siku, anza na alamu iliyomo kwenye simu. Mama yangu anameza dawa ya presha saa mbili usiku. Mwanzoni nilimwekea programu ya vikumbusho, ikafanya kazi siku nne, kisha kimya. Simu ilikuwa inaizima kimyakimya ili kuokoa chaji. Dalili yake ni hii: kikumbusho hakiji kwa wakati, ila ukifungua programu vinamiminika vyote pamoja.

Alamu ya saa haina tabia hiyo, na kwa kawaida inalia hata mlio wa simu ukiwa umezimwa. Fungua Saa, weka 20:00 (wengi hukosea hapa wakaweka 2:00, ikalia usiku wa manane), chagua siku zote saba, kisha andika jina: "Dawa ya presha, baada ya kula". Bila jina, baada ya wiki utaizima bila kukumbuka ni ya nini. Simu tu isiwe imezimwa.

Alamu zikizidi tatu au nne kwa siku, mkono huzoea kuzizima tu. Hapo hamia kwenye programu, hasa kwa jambo la kila baada ya siku tatu, au unapotaka kuweka alama kwamba umeshameza. Ila kwanza, kwenye simu ya Android, ingia Settings, Apps, chagua programu hiyo, Battery, uweke Unrestricted.